Gumzo lililotoweka kwenye apu: limefutika wapi, na nani bado analo

Mtu akikwambia "mazungumzo yote yamefutika", muulize kwanza: yamefutika wapi? Wengi huliona swali la kipuuzi, kwa sababu kilichokuwa kikionekana kwenye kioo cha simu hakionekani tena, basi kimekwisha. Lakini kioo ni mahala pamoja tu. Gumzo lile lile linaweza kuwa limeondoka machoni pako na bado limo kwenye seva ya kampuni, au limeondoka kwenye seva na bado limo simuni mwako. Aliyelizwa friji na aliyetishiwa na mchumba wa mtandaoni wote wawili wanahitaji kujua lipo wapi.

Tuanze na apu za kutafuta wachumba, kama Tinder. Wewe umempenda fulani, fulani kakupenda wewe, na pale pale seva inaandika mstari mmoja unaosema kwamba hawa wawili wamekutana. Mstari huo una namba yake, na kila meseji mnayoandikiana inabandikwa namba ile. Kwa maneno mengine, gumzo halikuandikwa kwa jina lako wala kwa jina lake. Limeandikwa kwa jina la ule mkutano wenu. Mmoja akibonyeza Unmatch, anachokifanya ni kuufunga ule mstari. Simu yako inapoiuliza seva, kama inavyouliza kila unapofungua apu, "nipe orodha ya niliokutana nao", mstari uliofungwa hautajwi tena, na apu inaondoa jina, picha na meseji zote kwa pamoja. Hakuna aliyeingia simuni mwako kufuta kitu. Apu imefuata tu orodha mpya.

Ndiyo maana kitendo cha mtu mmoja kinaondoa mazungumzo ya watu wawili. Haombwi ridhaa mwenzake, wala hapelekewi taarifa. Unaamka asubuhi, jina halimo.

Baadhi ya apu za kuuza na kununua zimejengwa vivyo hivyo, ila gumzo limetundikwa kwenye tangazo badala ya mkutano. Muuzaji akilifunga tangazo, mlango wa kuingilia kwenye gumzo unafungwa nalo. Si zote zilizo hivyo. Kwenye Marketplace ya Facebook, mazungumzo yanakwenda Messenger, na muuzaji akiweka alama ya kwamba kimeuzwa au akiliondoa tangazo, meseji zenu zinabaki. Hapa watu hujipa moyo mapema mno. Kilichoondoka ni tangazo lenyewe: picha, maelezo, bei. Na ukilisoma gumzo la biashara la kweli utaona watu hawaandiki kila kitu. Mnunuzi kaandika "bado ipo?", muuzaji kajibu "ipo, bei ile ile". Bei gani? Ilikuwa kwenye tangazo. "Hali yake kama unavyoiona." Iliyoonekana wapi? Kwenye picha ambazo hazipo tena. Meseji zimebaki, lakini kitu kilichokuwa kikizungumzwa kimetolewa katikati yake.

Kisha kuna aina ya tatu, ambayo ni WhatsApp. Huko gumzo liko simuni mwako. Mtu akikubloki, ulichonacho unabaki nacho. Akitaka kufuta meseji kwa pande zote mbili ana muda wa siku mbili na saa kumi na mbili hivi tangu aitume, na hata akiwahi, pale ilipokuwa meseji panabaki alama kwamba imefutwa. Telegram ni kinyume kabisa: tangu 2019, katika gumzo la watu wawili yeyote anaweza kufuta meseji yoyote, yake au ya mwenzake, ya jana au ya mwaka juzi, na haibaki alama yoyote. Mtu wa biashara anayekusisitiza muhamie Telegram ana sababu zake, na huenda ni nzuri, lakini lijue hilo kabla hujahama.

Hapo pana kinyume ambacho wengi hawakifikirii. Gumzo lililotoweka kwenye Tinder, wewe huna, lakini kampuni inaweza kuwa nalo, kwa sababu meseji zilipita na kukaa kwenye seva zake zikisomeka. Gumzo la WhatsApp, wewe unalo, lakini kampuni haina maneno yake, kwa sababu yamefungwa kwa ufunguo ulio kwenye simu zenu mbili tu. Messenger nayo ilianza kuyafunga mazungumzo ya watu binafsi kwa njia hiyo, bila mtu kuomba, kuanzia Desemba 2023. Kwa hiyo anayesema "polisi wataomba kwa kampuni" na anayesema "ninayo simuni" wanazungumzia vitu viwili tofauti, na kila mmoja anaweza kuwa sahihi kwa apu moja na kukosea kwa nyingine.

Kwa nini kampuni ziliamua gumzo zima liondoke? Si kwa kuwapendelea matapeli. Fikiria msichana wa Mji Mkongwe anayeandikiwa matusi usiku kucha. Anataka yule mtu asiweze tena kumwandikia, asione picha zake, asirudi kusoma alichomwambia wiki iliyopita. Kwa visiwa kama vyetu, ambako binamu wa jirani ni shemeji wa mwalimu wako wa chuoni, haja hiyo ni kubwa zaidi. (Ndiyo maana wengine huweka jina la utani na picha ya maua. Tinder ina sehemu ya kuzuia namba zilizomo kwenye simu yako zisikuone, na kwa Unguja ningeiwasha kabla sijaweka hata picha.) Kitufe kimoja kinachofunga kila kitu ni kinga ya kweli.

Tatizo ni kwamba kitufe hakijui nani anakimbia na nani anakimbiwa. Oktoba 2020, waandishi wa shirika la utangazaji la Australia, ABC, walionyesha jinsi watu waliowadhuru wenzao walivyokuwa wakibonyeza Unmatch baada ya tukio, na mwathiriwa anapotaka kuripoti hana tena jina wala gumzo la kuonyesha. Baada ya hapo Tinder ikaeleza kwamba mtu anaweza kuripotiwa hata kama kashakufungia, kupitia fomu kwenye ukurasa wake wa msaada, na Bumble ikabadilisha mambo ili aliyefungiwa aone kwamba gumzo limemalizwa na bado aweze kuripoti kutoka hapo. Ni nafuu, lakini fomu inataka uijaze: jina alilotumia, umri uliokuwa ukionekana, alikuwa eneo gani, maneno ya wasifu wake, picha kama unayo. Na hayo ndiyo yaliyoondoka.

Kabla ya kulaumu mtu, hakikisha kwanza umefungiwa. Jina moja likiwa limetoweka na mengine yapo, ama amekufungia, ama ameifuta akaunti yake, ama kampuni imemtoa. Kwa upande wako yote matatu yanaonekana sawa kwenye Tinder, na hakuna ujanja wa kuyatofautisha kwa kutazama tu. Majina yote yakiwa yametoweka, tatizo liko kwako: mtandao, apu, au umeingia kwa akaunti nyingine, labda kwa namba ya simu badala ya ile ya Google uliyoanzia. Toka, ingia tena kwa njia ya kwanza, kisha uhukumu. Kwenye Messenger, mtu aliyefuta akaunti jina lake hugeuka kuwa la jumla na picha inaondoka, lakini maneno yanabaki.

Sasa tuchukue mfano na tuufuate mpaka mwisho. Kijana wa Chake Chake anatafuta friji ya mtumba. Kwenye apu ya soko, ambayo gumzo lake limefungwa kwenye tangazo, anaiona moja ya shilingi 380,000, muuzaji yuko Unguja, Mwanakwerekwe. Wanaelewana: atume 150,000 ya kuizuia, friji ipakiwe boti ya Mkoani, iliyobaki atalipa akiipokea bandarini. Anatuma kwa simu saa mbili usiku. Asubuhi tangazo halipo, gumzo halipo, na namba aliyotumia pesa haipokewi.

Ana nini mkononi? Kwanza, ana meseji ya muamala kutoka kampuni ya simu, nayo ina thamani kuliko gumzo lote lililopotea. Ina kiasi, tarehe na saa, namba iliyopokea, jina lililosajiliwa kwenye laini hiyo, na namba ya kumbukumbu ya muamala. Muuzaji hana kitufe cha kuifuta, na hata kijana mwenyewe akiifuta kwa bahati mbaya, kampuni ya simu inayo. Udhaifu wake ni kwamba jina lile ni la aliyesajili laini kwa alama za vidole vyake, ambaye si lazima awe ndiye aliyeandika tangazo; laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wengine zipo. Udhaifu wa pili ni kwamba meseji inasema pesa zimekwenda, haisemi ni za nini. Daraja la kati, linalounganisha shilingi 150,000 na friji, lilikuwa kwenye gumzo.

Daraja hilo linaweza kupatikana vipande vipande, na kipande kinachokufa mapema kuliko vyote ndicho cha kukimbilia. Simu za Android kuanzia toleo la 11 zina sehemu inayoitwa Notification history, ndani ya mipangilio ya taarifa, inayoweka taarifa zote zilizodondoka juu ya kioo kwa saa 24. Kila muuzaji alipoandika, taarifa ilidondoka ikiwa na maneno yake, na humo bado imo. Lakini lazima iwe iliwashwa kabla. Ukiiwasha leo haikupi ya jana. Nayo inakupa maneno yake tu, si yako, na meseji ndefu inaweza kukatwa. Kijana huyu akiwa aliwasha, ana mpaka jioni kupiga picha za kila taarifa. iPhone haina kitu hicho.

Baada ya hapo ni barua pepe. Apu nyingi za soko hukutumia nakala au taarifa ya kila meseji mpya kwenye anwani uliyojisajilia, na kwa kuwa hatufungui barua pepe zetu, zinakaa huko mwaka mzima. Atafute kwa jina la apu, na aangalie mpaka kwenye folda ya takataka. Kisha aulize aliowaonyesha. Mtu anayenunua friji humwonyesha mtu: alimtumia dada yake kiungo cha tangazo, au alipiga skrinishoti akamtumia rafiki na kuuliza "hii bei vipi?". Skrinishoti ile, iliyo kwenye WhatsApp ya dada na saa yake pembeni, ina nguvu kuliko ambayo angeitengeneza mwenyewe leo, kwa sababu imekaa kwenye simu ya mtu mwingine tangu kabla ya ugomvi. Na kama simu yake ya pili, au kishikwambi, ilikuwa imeingia kwenye akaunti ile ile na haijaunganishwa mtandao tangu jana, aiache hivyo hivyo bila mtandao na aifungue apu. Mara nyingine gumzo linakuwa bado limo, kwa sababu kifaa hicho hakijaiuliza seva orodha mpya. Haitokei kila mara, lakini ukiunganisha mtandao kwanza, nafasi hiyo umeichoma mwenyewe.

Kosa linalofanywa kwa hasira ni kuifuta apu, au kuifuta akaunti kabisa. Ukifuta akaunti yako unaisaidia kampuni kuanza kuhesabu siku za kusafisha kumbukumbu zako pia. Sera ya faragha ya Tinder, kwa mfano, inataja miezi mitatu ya kuhifadhi taarifa kwa ajili ya usalama baada ya akaunti kufungwa. Iache akaunti, ripoti kupitia fomu ya msaada, na kwenye fomu uandike saa, kiasi na jina la tangazo kadiri unavyokumbuka. Jibu lenyewe huwa la juu juu. Muhimu ni kwamba ripoti yako imeingia kwao ikiwa na tarehe.

Namba iliyopokea pesa iripotiwe kwa kampuni ya simu siku hiyo hiyo, kwani kama pesa hazijatolewa kuna uwezekano wa kuzizuia, na namba hiyo hiyo itumwe 15040, ambayo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa ajili ya namba za utapeli. Halafu polisi, akiwa na meseji ya muamala na vile vipande. Wengine huanzia kwa sheha, na sheha atakusikiliza vizuri pengine kuliko wote, lakini barua ya sheha haifiki Texas walipo wenye Tinder.

Mfano huu ungekuwa mwepesi zaidi kama kijana angefanya kazi ya dakika tano kabla ya kutuma pesa. Wakati wa kuhifadhi ni pale mnapokubaliana bei, kwa sababu mpaka hapo muuzaji hana haja ya kufunga kitu. Rekodi ya kioo ni bora kuliko skrinishoti: unaanza kurekodi ukiwa nje ya apu, unaifungua, unaingia kwenye tangazo na kulishusha mpaka chini bei na maelezo yaonekane, unagusa jina la muuzaji ukurasa wake ufunguke, kisha unapanda gumzo kutoka mwanzo mpaka meseji ya mwisho bila kukata. Skrinishoti moja iliyokatwa pembeni, bila saa, bila jina, bila meseji iliyotangulia, yeyote anaweza kudai umeitengeneza, na ukweli ni kwamba kuitengeneza ni rahisi. Nakili na kiungo cha tangazo. Kiungo kitakufa tangazo likifungwa, lakini ndani yake mara nyingi mna namba ya tangazo, na kwa namba hiyo kampuni inaweza kulitafuta kwenye seva yake hata kama kwa watu wengine halionekani.

Nirudi kwa yule msichana wa Mji Mkongwe, maana yeye ana hatari ambayo mnunuzi wa friji hana. Tuseme matusi yamegeuka vitisho: yule mtu anasema ana picha zake na atazipeleka kwa kaka zake asipotuma pesa. Kwa hofu, jambo la kwanza linalomjia ni kubonyeza Unmatch. Akibonyeza, vitisho vinaondoka, na vinaondoka kwake pia. Amemfutia mtishiaji ushahidi kwa kidole chake mwenyewe, na picha ambazo yule ameshazipiga skrinishoti bado anazo. Unmatch haigusi kitu chochote kilichohamishiwa nje ya apu. Ni kufunga mlango wa chumba ambacho mwizi ameshatoka.

Kwa hali hiyo mpangilio ni mmoja. Ahifadhi kwanza, ikiwezekana mbele ya mtu anayemwamini ambaye ataweza kusema "niliiona simu, niliyasoma maneno haya". Kisha aripoti ndani ya apu akiwa bado kwenye gumzo, kwa sababu ripoti iliyotolewa hapo imeshaunganishwa na akaunti ya mtu huyo, na hana haja ya kukumbuka jina wala umri. Kufunga kunakuja mwisho, na kwenye apu nyingine ripoti yenyewe inafunga. Kama walishahamia WhatsApp, akiripoti huko kampuni hupelekewa meseji tano za mwisho alizotumiwa na mtu huyo, basi asingoje mpaka mtishiaji aandike salamu tano za kujipendekeza juu ya kitisho. Na kabla ya kufuta chochote, Export chat inampa gumzo zima kama faili la maandishi lenye tarehe na saa za kila mstari, analoweza kujitumia kwa barua pepe.

Polisi nao wana cha kufanya ikiwa shauri limefika mapema. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inawapa njia ya kutaka taarifa za kielektroniki zihifadhiwe zisiharibiwe na zitolewe. Kampuni za nje zina taratibu zao: Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, hukubali ombi rasmi la kuhifadhi kumbukumbu za akaunti kwa siku 90 wakati karatasi za kisheria zikisubiriwa. Karatasi zenyewe hupita serikali hadi serikali, na huo ni mwendo wa miezi. Ndiyo maana mwambie askari anayekuandikia RB jina la apu, jina la akaunti na kiungo chake kama unacho. "Tulikuwa tunachati mtandaoni" hakuna pa kuipeleka. Na kwa mazungumzo yaliyofungwa kwa ufunguo, hata karatasi zikifika, kinachorudi ni akaunti ilikuwa ya nani, ilisajiliwa kwa namba gani na iliingia kutoka wapi. Maneno yenyewe yatatoka kwenye simu yako, au hayatatoka.